Jungu kuu halikosi ukoko

Baba amestaafu ushonaji miezi minane sasa. Ukimuuliza jambo, anajibu, "Waulizeni wenye kazi."

Leo kijana wa jirani kaja na cherehani inayoruka mishono. Kabadilisha uzi, kakaza, wapi!

Mama akasema, "Jungu kuu halikosi ukoko," huku akimsogezea Baba cherehani. (Angeusema bila kumpa kazi, Baba angenuna. Namjua.)

Baba akapapasa sindano kwa kidole gumba. Hata miwani hakuvaa.

"Umeiweka kinyume. Kwa mashine hii, upande bapa hukaa nyuma."

Akaigeuza, akaisukuma hadi juu kabisa, akakaza skrubu. Mishono ikanyooka.

Kile kidole bado nakiona.

Wazee wenu huambiwa msemo gani wakainuka kitini?