Nilipoandika "alifuja" kwenye kitabu cha steji

Hii ilikuwa Busia, upande wetu wa Uganda, enzi hizo nashinda steji na bodaboda ya mtu, na kwa vile nilikuwa na mwandiko unaosomeka wakanitupia ukatibu wa kikundi cha akiba. Tulikuwa watu 26, Wasamia, Wasoga, Wateso, wengine wanavuka asubuhi kutoka Kenya, kwa hiyo lugha ya kikao ilikuwa Kiswahili tu, kile cha barabarani. Mwenyekiti wetu, mzee aliyewahi kuwa jeshini, akasema kitabu kiandikwe Kiswahili cha ofisi, hataki kuona maneno ya steji mle ndani.

Jumapili moja mweka hazina hakutokea na watu wakawaka. Mmoja akasema, "Huyu jamaa amekalia pesa yetu wiki sita, ukimpigia ameingia mitini." Mwingine: "Wacha ajipange, mwisho wa mwezi tusisikie hadithi." Kila mtu akaitikia, eeeh, kikao kikaisha.

Usiku nikakaa na kitabu. Nikajisikia msomi bana. Nikaandika: "Ilielezwa kwamba mweka hazina alifuja fedha za kikundi na kutoroka. Kikao kilimtaka ajitayarishe, la sivyo hatua kali zingechukuliwa." Nikaisoma mara mbili, nikaona imekaa kama ya serikalini.

Jumapili iliyofuata mweka hazina akaja, na kama kawaida kumbukumbu za kikao kilichopita zinasomwa kwanza ili zithibitishwe, nikasimama nikasoma kwa sauti. Nilipofika "alifuja" akainuka. "Mzee, kukalia nimekalia, sikatai, mama alikuwa amelazwa nikakosa kwenda benki. Lakini kufuja, nani aliniona?" Akatoa kavera nyeusi mfukoni akamwaga noti mezani. Tukahesabu, watu 26 mara 2,000 mara wiki sita, 312,000, haikupungua hata mia.

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe mtu akikalia pesa, pesa bado ipo, ila haijafika inapotakiwa, na mtu akifuja, pesa imeliwa. Na aliyeingia mitini anakukwepa tu, anaweza kuwa kwake anachungulia dirishani, hajatoroka popote. Yule aliyesema siku ile alichagua maneno yake vizuri, mimi ndio nikayapandisha cheo mpaka yakawa kesi ya polisi. Kitabu kile kingefika kwa mtu wa nje, yeye angeamini nilichoandika mimi, hangejua steji ilisema nini.

"Ajipange" nayo niliiua. Nikiambiwa nijipange sijaambiwa nijitayarishe kama naenda safari, nimepewa muda na onyo kwa mpigo. Na zile "hatua kali" hakuna aliyezitaja, niliziweka mwenyewe kwa sababu zinasikika vizuri. Mzee akauliza kikao, "Mliposema tusisikie hadithi mlitaka nini?" Wakajibu, pesa iwe benki kufikia tarehe 30, basi. Adhabu hawakuwa wamekubaliana, kwa hiyo haikuwa na nafasi kitabuni.

Nikataka kuchana ukurasa. Mzee akanizuia, ukichana watasema umeficha. Akanionyesha: unapiga mstari mmoja juu ya maneno yenye kosa, yaendelee kusomeka, pembeni tunatia sahihi mimi na wewe na tarehe, halafu sahihisho lenyewe linaingia kwenye kumbukumbu za leo. Nikaandika: "Ilielezwa kwamba mweka hazina alikuwa hajapeleka benki michango ya wiki sita, na kwamba hakupatikana kwa simu. Kikao kiliazimia fedha hizo ziwe benki kufikia tarehe 30." Maneno ya kawaida kabisa, na safari hii niliyasoma papo hapo kabla watu hawajainuka, nikauliza, ndivyo mlivyosema?

Hapo jamaa mmoja wa upande wa Kenya akauliza, "Na hiyo thao mbili ya kila wiki, umeandika ya wapi?" Nikaangalia. Kitabu kizima nilikuwa nimeandika "2,000" peke yake. Pale mpakani noti za nchi zote mbili zinatembea mkono kwa mkono, na elfu mbili ya Kenya inazidi ya kwetu zaidi ya mara ishirini. Sisi tuliokaa pale tulijua ni ya Uganda bila kuambizana, ila karatasi haikujua. Nikaanza kuongeza "Sh. za Uganda" ukurasa kwa ukurasa, kila pahali sahihi mbili, mzee akawa analalamika kalamu inamuishia wino.

Mweka hazina alikuwa wa mwisho kuondoka. Akaniomba kitabu, akatafuta ule mstari, akauangalia muda mrefu. "Bado inasomeka," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ndivyo inavyotakiwa. Hakufurahi.