Sukari Kwanza

Juzi sokoni nilipita karibu na meza ya dawa za asili, na harufu ya mavi makavu ya tembo ikanirudisha kwenye masika ya 2016 katika Bonde la Kilombero, mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu.

Asubuhi alishika kichwa akilalamika kwamba kinamuuma, akakataa uji kama alivyokataa chakula cha usiku. Adhuhuri alikuwa katika usingizi ambao sikuupenda: nikimwita, alifumbua macho bila kunitazama, kisha akayafumba. Muda mfupi baadaye macho yakapinduka, meno yakabana, na mwili wote ukaanza kutupwatupwa. Mama mkwe alikuwa ameshaweka makaa kwenye kigae ili kuunguza mavi ya tembo. "Hii ni degedege, mwanangu. Mfukize kwanza, akichomwa sindano atakufa." Hakusema hivyo kwa ubaya, kwani aliwahi kuona watoto wakifa baada ya sindano, ila wengi wao, nadhani, walifikishwa kwenye sindano wakiwa wamekwisha kuchelewa. Shemeji alikuwa ameshawasha pikipiki.

Hospitalini nilianza kueleza homa ilivyoanza, lakini nesi hakungoja nimalize. Alimlaza mtoto ubavu ili mate yasimpalie, akanikataza kumtia kijiko mdomoni, kisha akambonyeza kwa nguvu kifuani kwa kifundo cha kidole. Mtoto mwenye fahamu angeusukuma ule mkono; wangu aliguna tu. Papo hapo akamtoboa kidole, na kabla hata ya kuangalia kipimo cha malaria, akaisoma sukari: 1.6. "Mama, ikishuka chini ya 2.2 ni hatari," alisema huku akitafuta mshipa. Akaingiza glukosi polepole, na ndipo ikafuata sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali. Baadaye nilielewa kwamba mtoto mgonjwa asiyekula humaliza haraka akiba ya sukari iliyo kwenye ini, na vimelea vya malaria navyo huila ile iliyo kwenye damu, hivyo anaweza kupoteza fahamu kwa njaa ya ubongo huku sote tukiilaumu homa peke yake.

Sindano hiyo ilirudiwa baada ya saa 12, kisha saa 24 tangu ile ya kwanza. Alipoamka akaomba maji, wakamhamishia kwenye dawa mseto ya vidonge. Daktari alinieleza kwamba chembe za damu zilizoambukizwa hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu kupita. Dawa huua vimelea, lakini haiwezi kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika.

Kitanda cha jirani alikuwepo msichana wa umri ule ule, aliyeletwa baada ya kufukizwa usiku kucha. Tuliporuhusiwa kutoka, alikuwa bado hawezi kuketi bila kushikiliwa. Nilimuuliza daktari kama kilichowatofautisha ni zile saa za usiku. Akasema huenda, ila amewahi kuona waliowahi wakafa na waliochelewa wakapona, na kwamba hata hivyo yeye angechagua kuwahi. Mama wa yule msichana alikuwa anatusikia, nami sikujua nimwambie nini.