Vipele vya ndevu shingoni: nilivyoacha wembe, na kipele kimoja kilichotaka kuwa kovu

Ndevu zangu ni za kujikunja, na mahali zinapojikunja zaidi ni chini ya taya, pale shingo inapoanzia. Kwa miaka yangu ya kwanza ya ulinzi hapa Mwanza, eneo hilo halikuwahi kupona. Kampuni ilitaka kidevu kilichonyolewa kikang'aa, kwa hiyo kila baada ya siku moja au mbili nilipitisha wembe. Vipele vya wiki hii vilikuwa vinaota juu ya madoa ya wiki iliyopita.

Ukivitazama kwa karibu, vipele hivi havifanani na chunusi. Kila kimoja ni kigumu kidogo, chekundu au cheusi kulingana na rangi ya ngozi, na kimekaa palepale unywele unapotokea. Katika vingine unaona mstari mweusi umelala chini ya ngozi, au kitanzi kidogo cha unywele ambacho ncha zake zote mbili zimezama. Usaha ukiwepo huwa ni kichwa kidogo tu. Lakini kama sehemu imejaa usaha, ina maumivu makali na homa, huo ni uambukizo wa bakteria. Na kama kuna duara lenye magamba na ndevu zinang'oka zenyewe ukizigusa, hao ni fangasi. Yote hayo mawili yana dawa zake na hayaponi kwa kubadilisha namna ya kunyoa.

Aliyenifungua macho ni daktari wa ngozi pale Bugando. Alinieleza kwamba unywele wa kujikunja ukikatwa kwa wembe unabaki na ncha kali kama mkuki. Ukishatoka nje kidogo unapinda, unarudi na kuichoma ngozi pembeni ya tundu lake. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ndiyo iliyokuwa inanitesa mimi: ukiivuta ngozi wakati wa kunyoa, au ukitumia wembe wenye makali mawili matatu, kali la kwanza linaunyanyua unywele na linalofuata linaukata chini ya usawa wa ngozi. Ukiiachia ngozi, unywele unazama ndani ya tundu, kisha unapoanza kuota unatoboa ukuta wa tundu kabla haujafika nje. Mwili unauona kama mwiba, unavimbisha pale. Kwa hiyo kadiri nilivyonyoa kwa kukaribia zaidi ili ning'ae, ndivyo nilivyojitengenezea vipele vingi zaidi.

Akaniandikia barua ya kupeleka kazini: nisinyoe kabisa kwa angalau wiki nne. Msimamizi wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Sasa kijana, utakaa getini na mandevu?" Nikamjibu, "Afande, shikamoo kwanza. Zitakuwa fupi, na nitazichana." Akakubali, akaniweka zamu ya usiku.

Wiki nne hazikutajwa ovyo. Ndevu huota karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, kwa hiyo mwezi mmoja unazifikisha kama sentimita moja. Zikifika urefu huo, unywele uliozama unajivuta wenyewe na kuchomoka. Kabla ya hapo hali inaweza kuwa mbaya kidogo, maana ndevu fupi bado zinarudi kwenye ngozi. Mimi nilijikuna sana siku za mwanzo. Asubuhi nilikuwa naweka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kwa dakika kama kumi, kisha nasugua taratibu kwa kitambaa laini kwa mwendo wa mduara. Usiku nilipaka jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, nyembamba tu. Jeli hiyo inang'oa rangi ya nguo: kola ya sare yangu ya bluu ilitoka madoa meupe, tangu hapo nikawa navaa fulana nyeupe ya kulalia na kutumia taulo jeupe.

Pale nilipoona kitanzi cha unywele wazi juu ya ngozi, nilikitoa kwa sindano mpya ya famasi. Unaipitisha chini ya kitanzi, unanyanyua ncha hadi iwe huru, basi. Huung'oi. Ukiung'oa kwa kibano unapata nafuu ya siku chache, halafu unywele mpya unaota ndani ya tundu lililoumia na kutoboa ukuta wake upya. Na kama unywele hauonekani, usichimbe kuutafuta. Kuchimba na kuminya ndiko kunakoacha makovu.

Vipele vilipoanza kulala, kimoja chini ya taya la kulia kilibaki. Kilikuwa kigumu, kinateleza, kinang'aa, kinawasha, na taratibu kikaanza kupita mpaka wa kile kipele cha awali. Mama yangu ana mabonge kwenye ndewe za masikio tangu alipotoga, kwa hiyo sikusubiri. Kipele cha kawaida hupungua ukiacha kunyoa. Kovu la keloidi linaendelea kukua hata kama wembe umeutupa. Daktari alikichoma sindano ya steroidi, triamsinoloni, ndani ya bonge lenyewe, akanirudisha kila baada ya wiki kadhaa. Inauma kweli, maana dawa inasukumwa kwenye nyama ngumu. Lakini liliacha kuwasha mapema, kisha likalala. Limebaki doa lililopauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, jambo aliloniambia mapema kwamba sindano hiyo huweza kulileta. Wenzangu walinishauri likatwe. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuambatana nayo hurudi mara nyingi, na huweza kurudi kubwa kuliko mwanzo.

Madoa meusi ni habari nyingine. Hayo si makovu, ni rangi iliyoachwa na uvimbe, na hufifia kwa miezi kama vipele vipya haviji na jua haliyapigi moja kwa moja. Nawasihi ndugu zangu msiyapake mkorogo. Krimu nyingi za kuchubua zina steroidi kali au haidrokwinoni. Ngozi inang'aa kwa muda, kisha inakuwa nyembamba, inaota chunusi, na mwisho doa linaweza kuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Sasa natumia mashine tu. Kinyozi wangu wa Kirumba alikuwa na mazoea ya kupiga sifuri na kuivuta shingo kwa vidole, nikamwomba, "Kaka, acha kama milimita moja, na ngozi usiivute." Kwa mbali kidevu kinaonekana safi, na msimamizi hajalalamika. Mashine ni yangu, naibeba kwenye begi, na kichwa chake kinafutwa kwa spiriti kabla na baada, kwa sababu palipo na vipele panatoka damu, na damu hubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Siku za sherehe zinazolazimu wembe, natumia wenye kali moja, mpya, baada ya kuoga maji ya moto na kuacha povu likae dakika kadhaa. Napitisha mara moja tu kuelekea ndevu zinakolala, na shingoni kwangu zinalala kwa pembeni, si kwenda chini, kwa hiyo nazipapasa kwanza kwa kidole. Dada yangu hufuata hayohayo miguuni, maana hata kwake ni mapajani karibu na kinena ndiko vipele vilikuwa vinatoka.