Nilivyoipanga VAT ya kazi ya ujenzi inayolipwa kwa vyeti, mteja akizuia asilimia 10

Wanakandarasi wengi ninaowajua hapa Kenya huamini kwamba VAT inaanza kudaiwa siku wanapotoa invoisi. Ndiyo maana wengine hukaa na invoisi mkononi hadi mteja aonyeshe dalili za kulipa. Kwa biashara nyingi hesabu hiyo inakaribia ukweli, lakini kwa sisi wa ujenzi inaweza kukuponza, kwa sababu kifungu cha 12 cha Sheria ya VAT ya mwaka 2013 kimetutaja waziwazi. Kinasema kodi inadaiwa kuanzia tukio litakalotangulia kati ya haya: siku huduma ilipotolewa, siku msanifu au mkadiriaji au msimamizi wa kazi alipotoa cheti cha kazi iliyofanyika, siku ya invoisi, au siku malipo yalipopokelewa, hata kama ni sehemu tu.

Kwa hiyo msanifu akishasaini cheti, saa ya KRA, mamlaka ya kodi, imeanza kuhesabu. Ukichelewesha invoisi wiki tatu huisimamishi. Unajizalia tu tofauti kati ya tarehe ya cheti na tarehe ya invoisi kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na siku ya ukaguzi itabidi uieleze.

Haya yote niliyaweka mezani kabla ya kusaini kandarasi ya ghala huko Mlolongo. Bei ilikuwa shilingi milioni 40 bila VAT. Mteja alikuwa kampuni ya kusambaza bidhaa, iliyosajiliwa kwa VAT. Kila mwezi mkadiriaji majenzi angekuja kupima kazi, msanifu angetoa cheti, na mteja angelipa ndani ya siku 30. Katika kila cheti mteja angezuia asilimia 10 mpaka jumla ifike asilimia 5 ya kandarasi nzima, yaani milioni 2. Nusu ningeipata jengo likikabidhiwa, na nusu nyingine baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho kwetu kilikuwa miezi 12.

Jambo la kwanza nililoliomba lilionekana dogo kiasi kwamba msanifu alishangaa: tuhamishe siku ya kupima kazi kutoka mwisho wa mwezi hadi siku za mwanzo za mwezi. Sababu ni hii. VAT ya mwezi mmoja hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Cheti kikisainiwa tarehe 28 Machi, VAT yake ni ya Machi, na natakiwa kuilipa kufikia tarehe 20 Aprili. Mteja mwenye siku 30 atalipa tarehe 27 Aprili. Wiki nzima natafuta pesa za serikali ambazo mteja bado hajanipa. Cheti hichohicho kikisainiwa tarehe 3 Aprili, VAT inaingia kwenye ritani ya Aprili, mwisho wake tarehe 20 Mei, na mteja anatakiwa awe amelipa kufikia tarehe 3 Mei. Sasa nina nafasi ya siku 17, na hata mteja akichelewa kidogo sitikisiki.

Kuna faida nyingine iliyojificha hapo. Chuma na saruji nilinunua Machi kwa invoisi za eTIMS, VAT yake ikafika 400,000. Niliidai kwenye ritani ya Machi ambayo haikuwa na mauzo ya kazi hii, ikabaki kama salio la kwenda mbele. Aprili ilipofika, salio lile likanisubiri tayari kupunguza VAT ya cheti. Sheria inakupa miezi sita tangu mwisho wa mwezi wa manunuzi kudai VAT hiyo, kwa hiyo huna haja ya kukimbizana, ila usiache invoisi ya saruji ikazeeka kwenye gari la saiti. Na usijidanganye kwamba manunuzi yatafuta VAT yote ya cheti. Mishahara ya mafundi na vibarua haina VAT, na mchanga au kokoto za muuzaji asiyesajiliwa pia hazina. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni jasho la watu, na hilo halikupi cha kudai.

Tahadhari moja hapa: nilihamisha siku ya kupima kazi, sikuhamisha tarehe kwenye karatasi. Cheti kilichosainiwa tarehe 28 kikaandikwa tarehe 3 ni udanganyifu, na ukifuatiliwa utaonekana, maana barua pepe za mkadiriaji zina tarehe zake.

Sasa nije kwenye pesa zinazozuiliwa, na hapa ndipo nilikaa na mhasibu wangu muda mrefu zaidi. Kifungu cha 12 hakizitaji kabisa. Unaweza kusoma kwamba cheti kinahalalisha kiasi halisi cha kulipwa tu, na zile zilizozuiliwa zitapata cheti chake siku ya kuachiliwa, hivyo VAT yake isubiri. Lakini unaweza pia kusoma kwamba kazi yote imeshafanywa na kupimwa, na neno la sheria ni tukio litakalotangulia. Mkaguzi akichukua usomaji huu wa pili miaka mitatu baadaye, utalipa kodi, adhabu ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Mimi sikutaka kujenga ghala la mtu juu ya usomaji ulio mwepesi kwangu. Niliamua kutangaza VAT kwenye thamani yote ya kazi iliyopimwa, kisha nikahakikisha ni mteja anayeilipa, si mimi.

Hilo nililipata kwa sentensi moja kwenye mkataba: asilimia 10 izuiliwe kwenye thamani ya kazi kabla ya VAT, na VAT ya thamani yote ilipwe pamoja na cheti. Mhasibu wa mteja alisita mwanzoni. Nilimwonyesha kwamba nitampa invoisi ya eTIMS yenye VAT kamili, naye ataidai kwenye ritani yake. Kwa kampuni iliyosajiliwa, anayetoa VAT mapema ndiye anayeirudisha mapema.

Cheti cha kwanza kilikaa hivi. Thamani ya kazi, milioni 6. Toa asilimia 10 ya kuzuiliwa, 600,000, zinabaki 5,400,000. Kisha chini yake, kwenye mstari wake peke yake, VAT ya asilimia 16 ya milioni 6, ambayo ni 960,000. Jumla ya kulipwa, 6,360,000. Mkadiriaji alikuwa amezoea kuweka mstari wa VAT baada ya makato, ambapo ingetoka 864,000. Tofauti ni 96,000 kwa cheti kimoja, na makato yakifika kikomo cha milioni 2, tofauti ni 320,000. Hizo ni pesa ambazo ningekuwa nimeilipa KRA na kuzingoja kwa mteja zaidi ya mwaka.

Kwenye eTIMS niliandika invoisi ya milioni 6 na VAT 960,000, jumla 6,960,000. Zile 600,000 zilibaki vitabuni kama deni la mteja, kwenye akaunti yake peke yake, zisichanganyike na madeni ya kawaida. Nilifanya hivyo kwa kila cheti. (Mteja huyu hakuwa miongoni mwa walioteuliwa na KRA kuzuia sehemu ya VAT, yaani asilimia 2 ya thamani ya kazi. Ukiwa na mteja wa aina hiyo, kumbuka kwamba asilimia hizo mbili zinakwenda KRA moja kwa moja na utazikuta kwenye ritani kama malipo yako. Na ile kodi ya mapato ya asilimia 3 anayokata mteja ni jambo jingine kabisa, haihusiani na hesabu hii.)

Mtego ulikuja jengo lilipokabidhiwa na nusu ya kwanza, milioni 1, ikawa tayari kuachiliwa. Msanifu alitoa cheti cha kuiachilia, na ofisi ya malipo ya mteja ikaomba invoisi, maana mfumo wao haulipi bila invoisi. Ningetoa invoisi mpya ya eTIMS, ningekuwa nimetangaza VAT mara ya pili kwa kazi ileile: 160,000 za bure. Badala yake niliandika barua ya madai. Niliorodhesha namba za invoisi zote za eTIMS zilizotangulia, kiasi kilichozuiliwa kwenye kila moja, na nikaeleza kwamba VAT yake ilishalipwa. Nikaambatisha cheti. Mhasibu wao alilinganisha na vitabu vyake, akaona deni lilelile limekaa kwake, akalipa milioni 1 kamili bila mstari wowote wa VAT.

Njia hii ina udhaifu wake, na ni lazima uujue kabla ya kuichagua. Mteja akikata sehemu ya pesa alizozuia kwa sababu ya kasoro, tuseme 150,000 za sakafu iliyopasuka, wewe umeshalipa VAT ya 24,000 kwa pesa ambazo hutazipata. Kwa kawaida ungetoa hati ya kupunguza invoisi, lakini sheria inataka hati hiyo itolewe ndani ya miezi sita tangu invoisi husika. Kipindi chetu cha kasoro ni miezi 12 baada ya makabidhiano. Dirisha limeshafungwa.

Kwa hiyo sikungoja mwezi wa 12. Mwezi wa nne baada ya makabidhiano nilimwita msanifu tukazunguka ghala lote na karatasi. Tulikuta ufa kwenye kiungo cha sakafu karibu na mlango wa kupakilia, mfereji wa paa unaovuja kwenye kona moja, na bawaba mbili zilizolegea. Mafundi wangu walirekebisha wiki hiyohiyo na msanifu akatia saini. Nusu ya mwisho ilitoka nzima, kwa barua ileile ya madai.

Kwa mteja asiyesajiliwa, mambo hubadilika. Baadaye nilijenga madarasa ya shule ya binafsi, kazi ya milioni 9. Shule haiwezi kudai VAT, hivyo kwao kila shilingi ya VAT ni gharama, na walikataa kulipa VAT ya pesa wanazozizuia. Nilielewa. Kikomo cha makato kilikuwa 450,000, kwa hiyo VAT niliyoibeba mwenyewe hadi mwisho ilikuwa 72,000. Nilitangaza thamani yote vilevile, na gharama ya kuibeba niliiweka kwenye bei ya maandalizi ya saiti kabla ya kupeleka zabuni.