Miaka 70 ya shangazi, na miwili iliyopotea

Mwishoni mwa Januari 2024 shangazi alinipigia simu akiwa na furaha. "Mwanangu, Rajabu hii nimetimiza sabini. Njoo unipeleke kwa sheha nikajiandikishe pensheni jamii." Hapa Zanzibar pensheni hiyo anaipata mzee aliyefika miaka 70. Cheti cha kuzaliwa hana, ila ana msahafu wa babu, na ndani ya jalada lake kuna majina ya watoto wote kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Mstari wake unasema: usiku wa Jumamosi baada ya Isha, mwezi 12 Rajabu 1375. Umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na tano yao ni kijiduara, kwa hiyo nusura niisome 1370.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Mwaka huo tulikuwa 1445 Hijria na 2024 Miladia, tofauti 579. Nikajumlisha 1375 na 579, nikapata 1954. Basi shangazi ana sabini, twende zetu.

Kilichonishtua ni shangazi mwenyewe. Siku zote amesema ana umri mmoja na jirani yake, walinyonya pamoja, na cheti cha jirani kinasema 1956. Mmoja kati yetu alikuwa amekosea, na hakuwa yeye.

Kosa langu lilikuwa kuichukulia ile tofauti ya 579 kama kitu kisichobadilika. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354, na mara nyingine 355, ilhali wa jua una 365 na robo hivi. Kila mwaka ule wa Hijria unawahi kwa siku kama 11, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka kutoka kiangazi hadi masika. Siku hizo zikijikusanya, miaka 33 ya mwezi inakuwa karibu sawa na 32 ya jua, na tofauti inapungua kwa mmoja. Ilianza na 621, maana mwaka 1 wa Hijria ulianza 622. Alipozaliwa shangazi Rajabu ile ilikuwa 581, Rajabu ya 2024 ikawa 579. Miaka yangu miwili iliishia hapo.

Kwa umri tu, bila tarehe, nimeona inatosha kuzidisha kwa 0.97. Sabini mara 0.97 ni 67.9, yaani miaka 67 na miezi 11. Ukitaka kurudi upande wa pili unazidisha kwa 1.03, na sabini za jua zinakuwa 72 na kidogo za mwezi. Kwa hiyo shangazi hakusema uongo. Alikuwa na sabini zake kamili, ila si zile zinazohesabiwa kwenye fomu.

Lakini fomu inataka tarehe, na hapo nilitumia hesabu hii:

```
Miladia = Hijria × 0.970224 + 621.5774
```

Rajabu ni mwezi wa saba, ukianza na Muharamu. (Sisi tunaoanza na Mfunguo Mosi tuwe macho, maana Muharamu kwetu ni Mfunguo Nne.) Kabla ya tarehe 12 Rajabu zilikuwa zimepita siku 188 kati ya 354, yaani 0.531, kwa hiyo Hijria ni 1375.531. Jibu ni 1956.150, na hiyo 0.150 ya mwaka ni takriban siku 55. Ikaangukia 24 Februari 1956.

Nikatazama kalenda: siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Babu ameandika Jumamosi. Hapa hesabu inaishia, kwa sababu haijui mwezi ulionekana lini. Siku ya wiki ndiyo ya kuaminiwa, maana mtu huikosea kwa nadra, nami nikaona mwezi huku uliandama siku moja baada ya ile ya hesabu. Basi 12 Rajabu ilikuwa Jumamosi, 25 Februari. Ila usiku wa Jumamosi kwa desturi yetu ni ule unaotangulia mchana wake, tangu jua la Ijumaa lilipozama. Baada ya Isha ya Ijumaa bado ni 24 kwa kalenda ya kizungu. Nilitoka siku moja mbele, nikarudi palepale.

Nilimweleza kwamba sabini za fomu zinatimia 24 Februari 2026. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo nisubiri miaka miwili niwe na umri ninao?"

Chini ya mstari wake kuna wa baba yangu: 3 Mfunguo Tano 1379, basi. Hesabu inaniletea 8 Agosti 1959. Siku ya wiki haikuandikwa, kwa hiyo kwenye karatasi niliyoiweka ndani ya msahafu nimeandika "tarehe 7, 8 au 9".