Jinsi ninavyopata bei ya fowadi ya dola kutoka kwenye riba mbili

Mwagizaji wa vipuri wa Soko la Kisekka jijini Kampala, Uganda, anadaiwa dola 50,000 baada ya siku 91. Shilingi anazo au anaweza kuzikopa, lakini hajui dola itauzwaje siku hiyo. Benki inampa bei ya fowadi, yaani bei inayofungwa leo kwa dola zitakazopokelewa siku ya malipo. Swali ninalopenda kulijibu mwenyewe kabla ya kusaini ni hili: bei hiyo imetoka wapi, na je, ni ya haki?

Natumia namba za mfano. Dola ya leo, ambayo madila huiita spoti, ni shilingi 3,700. Riba ya shilingi ni asilimia 11 kwa mwaka, ya dola ni asilimia 5.

Kabla ya kugusa fomula huwa naifanya kazi kwa mkono, kama vile hakuna fowadi kabisa. Nikitaka kuwa na dola 50,000 siku ya 91, leo nahitaji kiasi ambacho kikikaa kwenye amana ya dola kitafikia hapo. Riba ya dola kwa siku 91 ni 0.05 × 91/360, yaani 0.012639. Nikigawanya 50,000 kwa 1.012639 napata dola 49,375.94. Kuzinunua leo kwa 3,700 kunataka shilingi 182,690,978, ambazo nazikopa. Riba ya shilingi kwa siku hizo ni 0.11 × 91/365, yaani 0.027425, kwa hiyo siku ya 91 deni langu ni takriban shilingi 187,701,000. Gawanya kwa dola 50,000: kila dola imenigharimu 3,754.02.

Hiyo ndiyo bei ya fowadi. Benki ikinunua fowadi kwa bei ya juu sana kuliko hiyo, mwenye uwezo wa kukopa shilingi ataifuata njia niliyoieleza na kuiuzia fowadi kwa faida isiyo na hatari. Ikiuza chini sana, ataigeuza njia: atakopa dola, aziuze, aweke shilingi kwenye amana na anunue fowadi. Usawa huu wa riba wenye kinga unasimama kwa sababu kila hatua ya njia ina bei inayojulikana leo. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema fowadi ya 3,754 ni utabiri kwamba shilingi itashuka. Shilingi 54 zilizoongezeka ni tofauti ya riba tu. Siku ya 91 dola inaweza kuwa 3,600 au 3,900 na hesabu ya leo ikabaki sahihi.

Kwenye Eksel, spoti nikiiweka B1, riba ya shilingi B2, riba ya dola B3 na siku B4, naandika:

```
=B1*(1+B2*B4/365)/(1+B3*B4/360)
```

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugeuza sehemu, riba ya dola ikapanda juu na ya shilingi ikashuka chini. Jibu linakuwa 3,646.75, na linaonekana la kawaida tu. Kipimo changu ni kimoja: sarafu yenye riba kubwa lazima iwe nafuu zaidi kwenye fowadi. Shilingi ina riba kubwa, basi dola ya mbele lazima iwe juu ya 3,700. Nikipata chini yake, nimegeuza. Kosa la pili, la kusahau siku na kuingiza riba ya mwaka mzima, hujifichua lenyewe kwa kutoa 3,911.

Makosa madogo ndiyo yanayopita bila kuonekana. Dola huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360 na shilingi kwa 365. Ukitumia 365 pande zote, bei inapanda kwa senti 64, na kwa dola 50,000 hizo ni kama shilingi 32,000. Lililo zito zaidi ni la bili za hazina. Anayechukua riba ya shilingi kutoka kwenye mnada wa bili za siku 91 wa Benki Kuu ya Uganda aangalie asije akachukua kiwango cha punguzo badala ya mapato. Bili ya mfano inayouzwa kwa 97.33 na kulipa 100 ina punguzo la asilimia 10.7 kwa mwaka, lakini aliyeinunua anapata asilimia 11, kwa sababu ametoa 97.33, hakutoa 100. Ukiweka 10.7 kwenye fomula, bei inashuka kwa karibu shilingi 2.70 kwa dola, zaidi ya shilingi 130,000 kwa mkataba mzima.

Siku nazo nazihesabu kuanzia siku ambayo spoti inalipwa, kwa kawaida siku mbili za kazi baada ya makubaliano. Tarehe ya mwisho ikiangukia Jumapili au Oktoba 9, sikukuu ya uhuru wa Uganda, malipo yanasogea na siku zinakuwa 92 au zaidi. Sikukuu za Marekani pia zinahusika, maana dola hupita huko.

Mpaka hapa nimetumia riba moja kwa kila sarafu, na sokoni haiko hivyo. Benki inayokuuzia fowadi inanunua dola kwa bei ya kuuziwa, tuseme 3,705, inakopa shilingi kwa asilimia 12 na kuweka dola kwa asilimia 4. Kwake bei inatoka 3,777.65. Ikinunua fowadi kutoka kwa msafirishaji wa kahawa, inauza dola kwa 3,695, inakopa dola kwa 6 na kuweka shilingi kwa 10, nayo inapata 3,730.54. Kwenye spoti pengo ni shilingi 10, kwenye fowadi limekuwa 47. Bei yoyote ndani ya pengo hilo haivunji usawa, kwani hakuna atakayepata faida ya bure.

Kwa hiyo nikipewa bei, huwa naigeuza fomula nitafute riba ya shilingi iliyofichwa ndani:

```
=((B5/B1)*(1+B3*B4/360)-1)*365/B4
```

B5 ni bei ya fowadi niliyopewa. Tuseme mwagizaji wetu amepewa 3,790. Kwa spoti ya 3,705 na dola ya asilimia 4, riba iliyofichwa ni asilimia 13.35. Sasa ailinganishe na hali yake, si ya benki. Kama hana fedha na benki inamkopesha kwa 18, huku amana yake ya dola ikilipa 2, kununua dola leo kutamfikisha 3,851.80 kwa dola. Fowadi inamwokoa zaidi ya shilingi milioni 3. Lakini kama ana shilingi milioni 184.3 zilizokaa kwenye amana ya asilimia 10 ambayo anaweza kuitoa bila adhabu, kununua dola leo kunamgharimu 3,778.27, na fowadi ileile inamtoza takriban shilingi 586,000 za ziada. Hapo ama aombe bei ishushwe, ama anunue dola leo.