Dhamana ya Miezi 12 kwa Kifaa Kilichonunuliwa Tarehe 29 Februari

Nilinunua mashine ya kufulia tarehe 29 Februari 2024, na kadi yake ya dhamana ilisema kwamba matengenezo ni bure kwa muda wa miezi 12 tangu siku ya ununuzi. Tarehe 28 Februari 2025 pampu ya kutolea maji ilianza kuvuma bila kutoa hata tone. Niliwaandikia wauzaji siku hiyo hiyo, nikaambatanisha picha ya risiti na ya kadi, kwa sababu ujumbe wenye tarehe ni ushahidi ambao simu haiachi. Jibu lao lilikuwa fupi: dhamana imekwisha jana, tarehe 27.

Kabla ya kubishana niliona ni lazima nijue mimi mwenyewe dhamana ilikwisha lini. Jamaa yangu alikuwa na hakika kwamba ni tarehe 1 Machi, kwa kuwa mwaka 2025 hauna tarehe 29 Februari na hivyo siku inasogea mbele. Sikukubaliana naye. Mwezi wa 12 baada ya Februari ni Februari inayofuata, na Machi ni mwezi wa 13. Tarehe inapokosekana katika mwezi wa mwisho, muda huishia siku ya mwisho ya mwezi huo. Hivyo ndivyo inavyosema, kwa mfano, Kanuni namba 1182 ya mwaka 1971 inayotumika katika Umoja wa Ulaya. Muda hufika ukomo mwisho wa siku hiyo, si alfajiri yake, kwa hiyo tarehe 28 Februari nzima ilikuwa bado ndani ya dhamana.

Ukichagua kuihesabu siku ya ununuzi kuwa siku ya kwanza, bado unafika pale pale, kwa kuwa miezi 12 inayoanza tarehe 29 Februari 2024 inakamilika siku inayotangulia 1 Machi 2025. Basi tarehe 27 ilitoka wapi?

Nilimwomba mhudumu anieleze jinsi walivyoipata, naye kwa ukarimu akanionyesha jedwali lao. Safu ya mwisho wa dhamana ilikuwa na fomula hii:

```
=A2+364
```

Yaani walikuwa wameigeuza miezi 12 kuwa siku 365, ya ununuzi ikiwemo. Katika mwaka wa kawaida hesabu hiyo haina dosari, na ndiyo maana haikuwa imetiliwa shaka. Kasoro hujitokeza pale tu tarehe 29 Februari inapoangukia ndani ya muda wa dhamana, kwa sababu miezi 12 ya namna hiyo ina siku 366. Sikutaka kuishikilia risiti yangu peke yake, maana tarehe yake ni ya ajabu na ingeweza kuonekana kama natafuta upendeleo. Nilimwomba aandike tarehe isiyo na utata wowote, 10 Aprili 2023. Jedwali likatoa 8 Aprili 2024. Mtu anaweza kutetea tarehe 9, ikiwa siku ya ununuzi inahesabiwa, au tarehe 10, ikiwa haihesabiwi. Tarehe 8 haina mtetezi. Hapo mhudumu alimwita msimamizi wake, kwa kuwa ilidhihirika kwamba kila aliyenunua kati ya 1 Machi 2023 na 29 Februari 2024 alikuwa amepunjwa siku moja.

Msimamizi alilipokea dai langu, pampu ikabadilishwa bila malipo, kisha tukazungumzia marekebisho ya jedwali. Wazo lake la kwanza lilikuwa hili:

```
=EDATE(A2,12)-1
```

Kwa tarehe 10 Aprili 2023 fomula hiyo inatoa 9 Aprili 2024, jambo ambalo ni sawa. Lakini kwa tarehe 29 Februari 2024, EDATE, ambayo kazi yake ni kuongeza miezi kwenye tarehe, yenyewe imeshasogea nyuma hadi 28 Februari 2025, na ukipunguza siku moja tena unarudi kwenye 27 ile ile. Nilimshauri aondoe hiyo -1 kabisa, ili siku ya ununuzi isihesabiwe na mnunuzi wa tarehe 29 apate hadi 28 Februari jioni. Alikubali, ila aliuliza kama wanunuzi wa tarehe 28 na 29 Februari 2024 kuishia siku moja si kosa. Si kosa: mwezi wa mwisho ni mfupi, na wote wawili wanakutana kwenye ukingo wake.

Lakini kama kadi ingeandika siku 365 badala ya miezi 12, dai la kuhesabu kwa miezi nisingeweza kulileta. Ningebaki na swali moja tu, kama siku ya ununuzi ni ya kwanza au la. Jibu la kwanza linaishia tarehe 27, la pili tarehe 28.